"Kutoka Mtini": Majibu kwa Madai Kuhusu Zaburi ya 96

Zaburi ya 96, aya ya 10, inawaagiza waimbaji watangaze kati ya mataifa kwamba Bwana ametamalaki. Katika Biblia zetu za Kiswahili tangazo linaishia hapo, kisha aya inaendelea na ulimwengu uliowekwa imara na Mungu anayewahukumu watu kwa haki. Lakini Wakristo wa kwanza waliosoma Kilatini, huko Karthago na baadaye Roma, walikuwa na maneno mawili zaidi mwishoni mwa tangazo lile: a ligno, yaani kutoka mtini. Bwana ametamalaki kutoka mtini. Kwa msomaji Mkristo mti huo hauwezi kuwa mwingine ila msalaba, na zaburi iliyotungwa karne nyingi kabla ya Yesu inageuka kuwa utabiri wa mfalme anayetawala akiwa ametundikwa.

Maneno hayo hayamo katika Kiebrania. Hayamo pia katika nakala kuu za Kigiriki. Kwa hiyo yamezaa madai mengi, na baadhi yake yanarudiwa hadi leo mimbarani, katika mihadhara ya dini na katika vijitabu. Nayajibu hapa moja baada ya jingine. Lililo zito kuliko yote ni lile linalowatuhumu Wayahudi kuyafuta, kwa sababu ni tuhuma dhidi ya watu, na imedumu tangu karne ya 2.

Kwanza tuiweke sawa nasaba ya matini, maana makosa mengi huanzia hapo. Zaburi ziliandikwa kwa Kiebrania. Kabla ya Kristo, Wayahudi waliozungumza Kigiriki walizitafsiri, na tafsiri yao ndiyo iliyoingia katika mkusanyiko tunaouita Septuaginta. Wakristo walipoanza kusali kwa Kilatini, katika karne ya 2 baada ya Kristo, walitafsiri kutoka Kigiriki hicho. Hawakuwa na Kiebrania mbele yao na wengi wao hawakukijua. Zaburi hiyo ya Kilatini cha kale, basi, ni mjukuu wa Kiebrania wala si mtoto wake. Tena hesabu ya zaburi inatofautiana: Kigiriki kiliunganisha Zaburi ya 9 na ya 10 kuwa moja, kwa hiyo Zaburi yetu ya 96 kwao ni ya 95. Msomaji akikuta kitabu cha kale kinaitaja Zaburi ya 95 kuhusu jambo hili, asidhani ni nyingine.

Sasa tuje kwenye tuhuma yenyewe: kwamba Wayahudi waliyakata maneno "kutoka mtini" ili kuuficha msalaba.

Aliyeisema waziwazi ni Yustino Mfiadini. Alizaliwa Flavia Neapoli, mji ambao leo ni Nablus, akafundisha Roma na kuuawa huko karibu mwaka 165. Katika kitabu chake cha mazungumzo na Myahudi aitwaye Trifoni, sura ya 73, anasema kwamba viongozi wa Wayahudi waliondoa maneno machache katika zaburi hii, na anayataja: apo tou xylou kwa Kigiriki, yaani kutoka mtini. Yustino hakuwa mwongo. Aliamini alichokiandika. Alikuwa na maandishi mbele yake yenye maneno hayo, akaona nakala za masinagogi hazina, akahitimisha kwamba kuna mkono uliofuta. Kosa lake ni kwamba hakujiuliza swali la upande wa pili: je, kama si wao waliofuta, ni sisi tulioongeza?

Tulitazame swali hilo kwa ushahidi ambao Yustino hakuwa nao. Nakala kubwa kuu za Biblia ya Kigiriki zilizotufikia ni Vatikano na Sinai, zote za karne ya 4, na Aleksandria ya karne ya 5. Zote zinayo zaburi hii. Zote zilinakiliwa na Wakristo, kwa matumizi ya Wakristo, na ndani ya majalada yaleyale mna Agano Jipya. Hakuna hata moja yenye maneno "kutoka mtini" katika aya hii. Anayesema Wayahudi walifuta inampasa aeleze jinsi walivyoingia katika vyumba vya wanakili wa Kikristo, wakafuta maneno yanayomtukuza Kristo, na Wakristo wenyewe wasione, nakala kwa nakala, nchi kwa nchi. Jambo hilo haliwezekani. Mkristo wa karne ya 4 aliyekuta maneno hayo katika kielelezo chake angekuwa mtu wa mwisho kuyaacha.

Kisha kuna Kiebrania chenyewe, na hapa tuna bahati isiyo ya kawaida: sehemu kubwa ya zaburi hii imo mara mbili katika Biblia. Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 16, kinasimulia sanduku la agano likiletwa Yerusalemu, na kinaweka wimbo vinywani mwa waimbaji wa Daudi. Aya ya 31 ya sura hiyo ina tangazo letu, kwa mataifa, kwamba Bwana ametamalaki. Haina mti. Aliyetaka kuficha msalaba angelazimika kukumbuka pia sehemu hii ya pili, katika kitabu kingine kilichonakiliwa peke yake, na kuifanyia kazi ileile bila kuacha kovu. Tena tangazo hilo, Bwana ametamalaki, linafungua Zaburi ya 93, ya 97 na ya 99, na hakuna hata moja kati ya hizo inayosema alitamalaki kutoka wapi. Ya 93 inakwenda mbali zaidi: baada ya tangazo inaleta maneno yaleyale ya ulimwengu kuwekwa imara usitikisike, neno kwa neno kama yalivyo katika ya 96. Huo ndio mtindo wa kundi hili la zaburi, na ndani yake "kutoka mtini" ni mgeni.

Lakini ushahidi unaonisadikisha kuliko mwingine wote umo katika vitabu vya Yustino mwenyewe. Tuusogelee.

Baada ya kutoa tuhuma yake katika sura ya 73, Yustino anainukuu zaburi nzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ili Trifoni aisikie. Ukifika kwenye aya ya 10 ndani ya nukuu hiyo ndefu, maneno "kutoka mtini" hayapo. Kitabu kinachodai yalifutwa kinaitoa zaburi bila maneno hayo, katika ukurasa uleule. Wapo waliosema kwamba mnakili wa baadaye aliisahihisha nukuu ifanane na Septuaginta aliyoizoea, na jambo hilo linawezekana kabisa, maana mazungumzo haya yametufikia kwa nakala moja tu ya maana, ya mwaka 1363, iliyoko Paris. Lakini maelezo mengine ni mepesi zaidi, na yanaungwa mkono na kitabu kingine cha Yustino.

Katika Utetezi wake wa Kwanza, sura ya 41, ananukuu tena wimbo huu, safari hii kwa wasomaji Warumi. Hapo maneno "kutoka mtini" yapo, na ndiyo yanayofunga nukuu. Ila ukiilinganisha nukuu hiyo na Biblia, unaona kwamba si Zaburi ya 96 tupu. Mistari yake imechanganywa na ile ya Mambo ya Nyakati, na mpangilio wake haufuati kitabu chochote tunachokijua. Mtu aliyefungua gombo la Zaburi na kunakili hawezi kupata matini ya namna hiyo. Anaipata aliyenakili kutoka katika kijitabu cha ushahidi, yaani mkusanyo wa mafungu ya manabii yaliyochaguliwa, kuunganishwa na kunyooshwa kwa ajili ya kufundisha na kujadiliana juu ya Kristo. Mtaalamu wa Norwei Oskar Skarsaune aliifuatilia njia hii kwa makini katika utafiti wake wa 1987 kuhusu nukuu za Yustino, akaonyesha kwamba mara nyingi nukuu zake fupi na ndefu zinatoka katika vyanzo viwili tofauti. Nukuu fupi zinatoka katika mikusanyo ya Kikristo. Nukuu ndefu zinatoka katika magombo ya Septuaginta, ambayo yeye aliyaona kuwa ni ya Kiyahudi.

Ukielewa hilo, tuhuma nzima inafumbuka. Yustino alikuwa na maandishi mawili. Moja lilitoka kwa walimu wake wa imani, na lilikuwa na mti. La pili lilikuwa gombo la Zaburi, na halikuwa nao. Aliwaamini walimu wake, akadhani gombo limekatwa.

Isitoshe, hii si tuhuma yake pekee ya aina hiyo, na zile nyingine zinatupa njia ya kuipima. Katika sura ya 72 anasema Wayahudi wameondoa fungu la Yeremia linalotaja mwanakondoo anayepelekwa kuchinjwa na mti unaotiwa katika mkate wake. Fungu hilo lipo, Yeremia 11:19, katika Kiebrania na katika Kigiriki, na yeye mwenyewe anakiri kwamba bado linaonekana katika baadhi ya nakala za masinagogi. Anataja pia fungu la Ezra kuhusu Pasaka, ambalo halipatikani katika nakala yoyote ya Ezra kwa lugha yoyote. Shahidi anayetoa tuhuma kadhaa za namna moja, na moja kati yake inakanushwa na kila Biblia iliyopo, hawezi kuaminiwa kwa neno lake tu katika nyingine. Na Yustino, kwa uungwana, anamwacha Trifoni ajibu: kwamba kama viongozi walifuta chochote Mungu anajua, ila jambo hilo ni gumu kuaminika. Jibu hilo linastahili kusomwa kila mahali tuhuma inaposomwa.

Dai la pili ni la watu walio makini zaidi, wanaojua kwamba tuhuma ya kufuta haisimami. Wanasema: hakuna aliyefuta wala aliyeongeza, mtafsiri aliona neno la Kiebrania akalisoma vibaya. Mara baada ya tangazo, Kiebrania kina kineno af, chenye maana ya "naam" au "tena". Neno la Kiebrania la mti ni ets. Yote mawili huandikwa kwa herufi mbili tu, na herufi ya mwisho ya kila moja, pe na sade, zinapokaa mwishoni mwa neno hupewa mkia unaoteremka chini ya mstari, na kwa macho yaliyochoka zinafanana. Basi, wanasema, mtafsiri aliona "mti" palipoandikwa "naam".

Ni dai zuri, lakini linaanguka. Herufi ya kwanza ya af ni alef na ya ets ni ayini, na hizo mbili hazifanani kwa maandishi. Pia "kutoka" haipo popote: Kiebrania kingehitaji herufi mem kabla ya neno, na hakuna mem hapo. Lakini jibu linalomaliza mjadala liko kwenye Kigiriki chenyewe. Mara baada ya tangazo, Septuaginta ina maneno kai gar, yaani "kwa maana tena", ambayo ndiyo tafsiri ya kile kineno af. Hata wale wenye "kutoka mtini" wanaendelea na sehemu hiyo kama kawaida. Kama mtafsiri angekuwa amekisoma kineno hicho kuwa mti, asingebaki nacho cha kukitafsiri "kwa maana tena". Neno moja haliwezi kusomwa vibaya na kusomwa sawasawa na mtu yuleyule katika mstari uleule. Kilichotokea ni kwamba tafsiri ya Kigiriki ilikuwa imekwisha kukamilika, sahihi na nzima, na mtu wa baadaye akachomeka maneno katikati ya Kigiriki.

Mtu huyo aliyatoa wapi? Hapa nitasema ninavyoona, kwa kuwa hakuna hati inayotuambia. Kigiriki xylon ni pana kama "mti" wetu: ni mti uliosimama shambani, ni gogo, ni mbao, na ni nguzo ya kumtundikia mhalifu. Torati, katika Kumbukumbu la Torati 21, inamzungumzia aliyetundikwa mtini, na Septuaginta inatumia neno hilohilo. Mitume katika Matendo wanalitumia kwa msalaba. Sasa shuka aya mbili tu chini ya tangazo letu, hadi aya ya 12, ambako miti yote ya msituni inaitwa kushangilia mbele za Bwana anayekuja. Kigiriki kinaiita xyla, wingi wa xylon. Mhubiri wa karne ya 2 aliyeeleza zaburi hii hakuhitaji kwenda mbali: mfalme yuko kwenye tangazo na mti uko kwenye furaha, ndani ya wimbo mmoja. Kutoka kwenye maelezo yake hadi pambizoni mwa kijitabu, na kutoka pambizoni hadi ndani ya mstari, ni safari fupi ambayo wanakili wameifanya mara nyingi katika vitabu vya kila aina. Waraka unaoitwa wa Barnaba, ulioandikwa kwa Kigiriki kabla ya Yustino, unasema katika sura yake ya 8 kwamba ufalme wa Yesu uko juu ya mti. Hauitaji Zaburi. Lakini unaonyesha kwamba wazo lilikuwa hewani tayari, likisubiri mahali pa kutua.

Dai la tatu ni kinyume cha hayo, na nimelisikia zaidi kwa wenzetu wanaopenda kuonyesha kwamba Biblia imechezewa: maneno haya, wanasema, ni uzushi wa Kanisa la Kilatini, yalibuniwa Roma. Wanasema kweli kwamba ni nyongeza, ila wamekosea mahali na wakati. Yustino aliandika Kigiriki, katikati ya karne ya 2, kabla Kilatini cha Kikristo hakijatuachia kitabu. Na upande wa pili wa Bahari ya Kati, tafsiri ya Zaburi katika Kikopti cha Misri ya Juu inayo maneno hayo pia, na Wakristo wa Misri hawakutafsiri kutoka Kilatini. Kilatini na Kikopti vimekutana hapa kwa sababu vyote viwili vilikunywa katika Kigiriki cha Kikristo kilichokuwa na nyongeza hiyo, Kigiriki ambacho baadaye kilitoweka huku matawi yake yakibaki.

Kilatini kilichofanya ni kuyashika kwa nguvu kuliko wengine wote. Tertuliano wa Karthago, mwanzoni mwa karne ya 3, akibishana na wafuasi wa Markioni, anawauliza wanaielewaje zaburi inayosema Bwana alitamalaki kutoka mtini, na kama wanadhani ni mfalme fulani wa Kiyahudi aliyekuwa seremala. Hatetei maneno hayo wala haelezi yalikotoka. Anayatumia kama kitu ambacho kila msikilizaji wake anacho kitabuni. Miaka zaidi ya 150 baadaye Agostino, katika Afrika ileile, aliihubiri zaburi hii akiwa na maneno hayohayo. Yaliingia katika Zaburi iliyoitwa ya Kirumi, iliyosaliwa Roma kwa karne nyingi. Na mwaka 569, Malkia Radegunda alipopokea kipande cha msalaba katika monasteri yake huko Poitiers, mshairi Venansio Fortunato alitunga wimbo wa bendera za mfalme, Vexilla Regis, ambamo anasema alichoimba Daudi kimetimia, kwamba Mungu ametawala kutoka mtini. Wimbo huo bado unaimbwa katika majuma ya Mateso.

Hapo hapo kuna kithibitisho kidogo ambacho ningependa kila msomaji wa hati za kale akione, kwa sababu kinafundisha jinsi nyongeza inavyoweza kurudi nyuma na kujifanya chanzo. Huko Basel, Uswisi, kuna Zaburi ya Kigiriki ya karne ya 9, yenye tafsiri ya Kilatini iliyoandikwa kati ya mistari. Katika aya yetu Kigiriki chake kina "kutoka mtini". Mtu angeweza kuruka kwa furaha: hatimaye nakala ya Kigiriki! Lakini yatazame maneno yenyewe. Yustino aliandika apo tou xylou, kama Kigiriki kinavyotaka, kwa sababu baada ya apo jina lazima lichukue umbo la kumiliki. Hati ya Basel ina apo tō xylō, umbo ambalo haliwezi kamwe kufuata apo, na hakuna Mgiriki aliyelelewa katika lugha hiyo ambaye angeliandika. Sasa litazame la Kilatini: a ligno. Mwisho wake ni o. Mnakili alikuwa mtu wa Kilatini, alikariri zaburi yake tangu utotoni, akafika mahali ambapo Kigiriki kilikosa maneno aliyoyazoea, akajitungia Kigiriki chake kwa kufuata umbo la Kilatini, o kwa o. Kosa la sarufi limeacha alama ya kidole chake. Nakala hiyo si shahidi wa Kigiriki hata kidogo. Ni Kilatini kilichovaa herufi za Kigiriki.

Hii ndiyo sababu haitoshi kuhesabu nakala ngapi zina neno na ngapi hazina. Kila nakala inabidi iulizwe ilipata wapi ilichonacho.

Limebaki dai la mwisho, ambalo linamgusa Yeronimo: kwamba yeye ndiye aliyeyaondoa maneno haya katika Biblia ya Kilatini, kwa kuwapendelea walimu wake wa Kiyahudi. Ni kweli kwamba Zaburi mbili alizozifanyia kazi Bethlehemu hazinayo. Ile ya pili, aliyoitafsiri moja kwa moja kutoka Kiebrania karibu mwaka 392, haikutarajiwa kuwa nayo. Ile ya kwanza, iliyokuja kuitwa ya Kigaliki na ndiyo iliyoingia katika Vulgata, ndiyo yenye jambo la kujifunza.

Zaburi hiyo Yeronimo hakuitafsiri kutoka Kiebrania. Aliisahihisha Zaburi ya Kilatini kwa kufuata Kigiriki cha Heksapla, ile kazi kubwa ya Origeni iliyopanga Kiebrania na tafsiri za Kigiriki katika safu, bega kwa bega, na iliyohifadhiwa Kaisaria. Origeni alikuwa na utaratibu mkali. Alipokuta maneno yaliyomo katika Septuaginta lakini hayamo katika Kiebrania, hakuyatupa. Aliyaacha mahali pake na kuyatilia alama, mstari mdogo uitwao obelo, ili msomaji ajue. Palipopungua kitu katika Septuaginta alikijazia na kukitilia nyota. Yeronimo aliziingiza alama hizo katika Zaburi yake, na katika utangulizi akawasihi wanakili wazihifadhi.

Basi fikiria kingetokea nini kama "kutoka mtini" yangekuwemo katika Septuaginta aliyoijua Origeni. Yangebaki, na yangekuwa na obelo. Kwa utaratibu ule Yeronimo asingekuwa na sababu ya kuyakata. Angeyaandika akayawekea alama kama alivyofanya kwa maneno mengine mengi. Katika Zaburi ya Kigaliki aya hii haina maneno hayo na haina obelo. Maana yake ni kwamba Origeni, aliyezaliwa Aleksandria na kukusanya nakala za Kigiriki kwa bidii kuliko mtu yeyote wa zama zake, hakuyakuta katika Kigiriki alichokiona kuwa ndicho Septuaginta, wakati ambapo Karthago Tertuliano alikuwa ameyanukuu bila wasiwasi. Yeronimo hakuondoa kitu katika chanzo chake. Alikiacha Kilatini cha kale na kurudi kwenye Kigiriki ambacho hakikuwa na maneno hayo.

Wala hakuna aliyeyaficha baada yake. Roma yenyewe iliendelea na Zaburi ya Kirumi, na katika Basilika ya Mtakatifu Petro ilitumika hadi karne ya 20. Antifona na aleluya za Pasaka ziliendelea kumtangaza Bwana aliyetamalaki kutoka mtini, na waliosali Vulgata asubuhi waliimba Fortunato jioni. Vitabu viwili vya Kanisa moja vilitofautiana mbele ya macho ya wote kwa zaidi ya miaka 1,000. Mwaka 1979 Vulgata Mpya ilitoka bila maneno hayo katika aya ya 10, lakini wimbo wa Fortunato haupotezi kitu kwa hilo: ule ni wimbo wa Wakristo kuhusu msalaba, na una haki ya kusema unachokiamini kwa maneno yake wenyewe, hata kama unayaweka kinywani mwa Daudi.